Mliowahi kutunga majina ya familia ya wanyama kwa kitabu cha watoto, tupeane uzoefu

Mama Pacha: Wakuu, nina familia ya nungunungu: baba Beka, mama Seka, mtoto Teka, mdogo wake Deka. Nataka vina laini. Nyie mlifanyaje?

Mzee wa Vina: Umepata mwisho mzuri. Kabla hujapenda jina, andika maneno yanayolimalizia. Kwa -eka una cheka, weka, deka, pendeka; hukwami ukurasa wa sita. Silabi ya mwisho peke yake haitoshi, masikio ya mtoto yanataka mbili. Mizani nane inatosha:

Deka kaanguka chini,
hajalia, anacheka.
Seka kaja na maziwa,
na mezani akaweka.

Chekechea Tanga: Beka na Deka hapana! Darasani kwangu wanaoanza kusoma hugeuza b na d, na ukisoma kwa sauti nusu ya darasa hawajui nani kaanguka. Baba mwite Mabeka, silabi tatu, atatofautika.

Jirani_tu: Naunga mkono.

Kobe Mtupu: Teka? Siku hizi? Mzazi gani atanunua hicho?

Mama Pacha: Kuteka maji jamani, ana ndoo kichwani!

Kobe Mtupu: Ndoo haisomeki kwenye jalada.

Jirani_tu: Mbona bibi zetu walikuwa wanateka maji na hawakukamatwa 😂

Mchoraji Kipara: Mmenikumbusha. Nilichora familia ya kanga, mtunzi akamwita baba Kidodo, kwa kuwa aliota vina vya -odo. Nikamvalisha shati la mistari na miwani iliyofungwa uzi. Kumbe shemeji yake mtunzi ana shati hilohilo, miwani hiyohiyo, na nyumbani wanamwita Dodo! Akaja kikao cha harusi na nakala mkononi, akaisoma mbele ya wazee ukurasa kwa ukurasa, kila kina akimnyooshea mtunzi kidole. "Kidodo kala mabodo", mabodo ndiyo nini, akauliza, mimi ninakula mabodo? Mtunzi akasema ni neno la kujazia. Ndipo ukumbi ukalipuka, maana matusi angevumilia, ila kuambiwa anakula neno lisilokuwepo! Mahari ilijadiliwa usiku wa manane.

Chekechea Tanga: Yule shemeji alinunua nakala ngapi baadaye?

Mchoraji Kipara: Zote zilizokuwa ukumbini. Hakuzirudisha.

Mzee wa Vina: Hapo kosa ni mabodo. Kina kikikwama, geuza mstari, usizue neno.

Mpita Njia: Mimi nina paka wawili, naomba majina ya kufanana.

Kobe Mtupu: Soma mada.

Mpita Njia: Paka si mnyama?

Jirani_tu: Weka na Seka. Mmoja ataweka kucha, mwingine atakuchekesha hadi fundi wa makochi aje.

Mama Pacha: Mabeka nimemchukua. Teka bado nagombana na mume wangu, yeye anataka Peka.

Mzee wa Vina: Kabla hujakubali, litamke haraka mara tano mbele ya mtoto wa miaka mitatu.