Mpira umetupwa chini kwa kasi, hesabu inanipa ln ya namba hasi. Msaada wakuu

Kisima_Kirefu:
Wakuu, habari za saa hizi. Mpira wa kilo 0.5 unaanguka, ukinzani wa hewa ni kv, k = 0.25 N·s/m, g = 9.8. Chini nimeifanya chanya:

```
m dv/dt = mg - kv
dv/dt = 9.8 - 0.5v
```

Sehemu (a) mpira umeachiwa tu. Nimetenganisha, v huku t kule, nikapata v = 19.6(1 - e^(-t/2)), kwa hiyo mwendokasi wa kikomo ni 19.6 m/s. Hiyo imekwisha. Sehemu (b) umetupwa chini kwa 30 m/s. Nikiweka v = 30 ili nipate C, inatoka ln(-5.2) na kikokotoo kinagoma. Swali limekosewa?

Mzee_wa_Nondo:
Halijakosewa, soma kani. Uzito ni 4.9 N, ukinzani kwa 30 m/s ni 7.5 N. Ukinzani umeshinda, kwa hiyo mpira utageuka kwenda juu. Fanya juu iwe chanya uanze upya.

Tete_la_Hesabu:
Mzee, kani umezisoma vizuri ila mpira haugeuki. Kani ya jumla inaelekea juu, ndiyo, lakini kazi yake ni kuupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, ukinzani nao unapungua, mpaka unakaribia 4.9 N na hakuna tena cha kuupunguza. Mpira uko njiani kwenda chini muda wote.

Kisima, shida yako ni vijistari viwili vya kusimama ulivyoviacha ulipofanya intigrali:

```
-2 ln|9.8 - 0.5v| = t + C
C = -2 ln 5.2
|9.8 - 0.5v| = 5.2 e^(-t/2)
```

Kwenye (a) ulipona kwa sababu kilichomo ndani kilikuwa chanya tangu mwanzo. Hapa kinaanza na -5.2. Upande wa kulia haufiki sifuri kamwe, kwa hiyo cha ndani hakiwezi kuvuka kuwa chanya. Kitabaki hasi siku zote. Ondoa vijistari kwa kugeuza alama:

```
0.5v - 9.8 = 5.2 e^(-t/2)
v = 19.6 + 10.4 e^(-t/2)
```

Jaribu: t = 0 inatoa 30, t = 2 inatoa 23.4, t = 4 inatoa 21.0. Inashuka kuifuata 19.6 ileile ambayo mpira wa (a) unaipandia kutoka chini. Kikomo ni mg/k, hakijali umeanza na mwendo gani.

Kisima_Kirefu:
Aisee, shukrani mkuu. Sasa ningeutupa kwa 19.6 kamili? Hapo nagawanya kwa sifuri.

Tete_la_Hesabu:
Ndiyo maana kabla ya kugawanya unauliza kwanza: kuna v inayofanya 9.8 - 0.5v iwe sifuri? Ipo. Basi v = 19.6 ni jibu peke yake, mwendo haubadiliki. Liandike pembeni kabisa, maana ukishatenganisha vigeu linapotea na watu hulisahau.

Gololi:
Mimi nadondosha gololi za chuma kwenye bomba la gliserini, na huko kv inafanya kazi kweli. Mpira wa nusu kilo hewani kwa 30 m/s? Huko ukinzani unafuata v² zaidi, hilo swali ni la darasani tu. Kwenye gliserini mg nayo haitoshi, lazima utoe kani ya kuelea. Ila gololi yangu yenye kipenyo mara mbili ilipaswa kwenda mara nne, nami napata pungufu. Kuta za bomba?

Mzee_wa_Nondo:
Sawa, la kugeuka nimelifuta. Lakini sekunde ya 10 mpira una 19.67. Kwangu mimi umeshafika.

Tete_la_Hesabu:
Kwa kipimo chako, sawa. Kwa mlinganyo, hapana. Kufika 20 m/s unatatua 0.4 = 10.4 e^(-t/2), unapata t = 2 ln 26, kama sekunde 6.5. Kufika 19.6 unatafuta ln ya sifuri, na hapo kikokotoo kikigoma kina haki.

Mzee_wa_Nondo:
Kipimo ndicho kinachokula mkate, bwana. Hatutaelewana hapo.

Tete_la_Hesabu:
Gololi, kuta zinaweza kabisa, na gololi kubwa ndiyo inayoumia zaidi kwa kuwa nafasi ya kimiminika kupita pembeni ni ndogo. Lakini bomba lako lina upana gani, na alama ya kwanza ya kupimia umeiweka mbali kiasi gani na uso wa gliserini?