Kutafsiri datashiti ya transista: tubadili kila kitu, maelezo tu, au tubandike faharasa?

Karakana_Chumbageni
Wakuu, tunaandaa kijitabu cha vijana wanaojifunza ufundi hapa Ngamiani, Tanga. Mikono yao iko sawa, ila Kiingereza cha datashiti kinawatoa jasho. Tumeanza na 2N3904 na njia tatu ziko mezani. Ya kwanza, kila kitu kiwe Kiswahili, hata alama, kwa hiyo VCEO iwe VKE. Ya pili, alama na namba zibaki, tutafsiri maelezo. Ya tatu, datashiti isiguswe, ibandikwe karatasi moja ya faharasa. Wenye uzoefu mnashauri ipi?

mita_haidanganyi
Ya pili, na sababu ni moja tu. Kijana akimaliza kijitabu chenu atakutana na VCEO kwenye datashiti nyingine zote, na ndiyo atakayoandika akitafuta mbadala wa kifaa. Ukimfundisha VKE umempa ufunguo wa mlango ulio kwenu peke yenu.

Ya tatu ni nyepesi kwa anayeandaa na nzito kwa anayesoma. Macho yanaruka kati ya karatasi mbili, na mwishowe anasoma namba bila sharti lililoandikwa kando yake.

Lakini alama si tatizo kubwa kiasi hicho. Mmeliitaje jedwali la kwanza, lile la mipaka?

Karakana_Chumbageni
"Viwango vya juu kabisa."

mita_haidanganyi
Hapo ndipo. Kwa Kiswahili "kiwango cha juu" ni sifa. Bidhaa ya kiwango cha juu ni bidhaa nzuri. Kijana akisoma "kiwango cha juu: 40 V" anaweza kudhani hapo ndipo transista inafanya kazi vizuri kabisa, wakati ni mpaka ambao ukiuvuka, hata kwa muda mfupi, mtengenezaji hana dhamana tena. Andikeni "mipaka isiyovukwa". Na juu ya jedwali muongeze kwamba hizi si namba za kufanyia kazi. Kwa kifaa cha mpaka wa 40 V, saketi ya 24 V inakaa kwa raha. Ya 38 V ni kamari.

LughaKwanza
Mimi natetea njia ya kwanza. Kolekta, besi na emita ni maneno yetu siku nyingi. Kwa nini kijana abebe herufi asizozielewa? VCEO ni volti kati ya kolekta na emita, basi. Iandikwe hivyo, jedwali litasomeka kama Kiswahili.

mita_haidanganyi
Kuhusu maneno nakubali: "kolekta" iandikwe kwa urefu. Ila umeidondosha O, na O ina kazi. Inasema mguu wa tatu, yaani besi, haujaunganishwa popote wakati wa kupima. Kwenye 2N3904 kuna VCEO 40 V na VCBO 60 V. Ukiandika "volti ya kolekta" bila kueleza mguu gani umeachwa wazi, msomaji ataona 40 na 60, na atachagua anayoipenda. Atachagua 60.

Kwa hiyo mstari uwe: "VCEO, kolekta hadi emita, besi ikiwa wazi: 40 V." Mrefu kidogo, lakini haumpotezi mtu.

LughaKwanza
Sawa kwa hiyo O. Ila bado nasema tukizoea kuacha alama za kigeni hatutakuwa na zetu kamwe.

Feni_ya_Pongwe
Samahani, mnaotafsiri vifaa, nisaidieni. Kapasita ya feni yangu imeandikwa 2.5 µF 450 V~. Dukani wamenipa ya 2.5 µF 400 V, haina alama ya wimbi. Si tofauti ni 50 tu?

mita_haidanganyi
Usiifunge. Hilo wimbi linasema 450 ni volti za umeme wa mkondo geu, na kapasita isiyo nalo kwa kawaida imepimwa kwa mkondo mnyoofu. Umeme wa 230 V kilele chake ni karibu 325 V, na kwenye feni waya za mota hupandisha volti kwenye kapasita zaidi ya hapo. Rudisha, udai yenye wimbi. Karakana, huo nao ni mfano wenu: mkitafsiri kapasita, wimbi lisipotee.

Raskazone_Lab
Mimi nauliza joto. Rasimu ya Karakana niliyoiona ina mistari miwili ya nguvu: "625 mW, joto la nje 25 °C" na "1.5 W, joto la nje 25 °C". Transista moja, joto lilelile, nguvu mbili?

mita_haidanganyi
Jicho zuri. Mstari wa kwanza ni TA, joto la hewa inayoizunguka. Wa pili ni TC, joto la ganda la transista yenyewe. "Joto la nje" linabeba maana zote mbili, ndiyo maana limewaponza.

Tufanye hesabu ya boksi la bati linalokaa juani, ndani 55 °C. Kwa hewa, datashiti inasema punguza 5 mW kwa kila digrii iliyozidi 25. Zimezidi 30, unapunguza 150, zinabaki 475 mW. Anayeshika mstari wa TC anapunguza 12 mW kwa digrii: 1500 kutoa 360, anapata 1140 mW.

Sasa saketi yake inaishusha 12 V kuwa 5 V kwa mkondo wa 100 mA. Volti 7 mara 0.1 A ni 700 mW. Kwa hesabu yake ni salama. Kwa kweli 2N3904 bila hitisinki hupanda kama 200 °C kwa kila wati, kwa hiyo kiini kinafika 55 + 140 = 195 °C, na mpaka wake ni 150. Mezani asubuhi inaweza kuonekana nzima. Mchana bokisini inakufa.

Andikeni "joto la hewa" na "joto la ganda". Na maneno "iliyozidi 25" yasiachwe. Akiyakosa atapunguza 5 × 55 na kubaki na 350 mW. Huyo hataunguza kitu, ila atanunua kifaa kikubwa bila sababu.

Raskazone_Lab
Na miguu? Naona mmeandika "upande wa chini" kwenye mchoro wa transista ya kopo.

mita_haidanganyi
Andikeni "ukiigeuza, miguu ikuelekee". "Upande wa chini" mtu anaweza kuuelewa kama chini ya bodi au chini ya ukurasa, na mchoro ukisomwa kinyume, kolekta na emita zinabadilishana.

Za plastiki zina mtego wake. Upande bapa ukikutazama, miguu chini, PN2222A kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. P2N2222A ni kolekta, besi, emita. Tofauti ni tarakimu moja ya 2, na mchapaji anayedhani ni kosa ataifuta. Ukiifunga kinyume kwenye rilei ya 12 V haiungui papo hapo: geini inashuka sana, rilei inashindwa kuvuta, na mtu anabadilisha rilei bure.

Karakana_Chumbageni
Tumebadilisha hayo yote. Limebaki moja: safu ya "typ". Tumeandika "kawaida".

LughaKwanza
"Kawaida" ni sahihi kabisa.

mita_haidanganyi
Si sana. Mtu akisoma "kawaida" anaisanifia saketi, na mtengenezaji hajaiahidi namba hiyo. Zilizoahidiwa ni za chini na za juu. hFE, yaani geini, ya 2N3904 kwa 10 mA ni 100 hadi 300, saketi ijengwe kwa 100. Labda "hutokea zaidi"?

Raskazone_Lab
"Hutokea zaidi" haiingii kwenye safu yenye upana wa kidole. Mimi ningeacha "typ" na kuieleza mara moja ukurasa wa kwanza.

LughaKwanza
Na kijana akianzia ukurasa wa tano?