Pensheni ya mzee imesimamishwa, yuko kitandani, barua yangu wameikataa, sasa wanataka nimbebe mgongoni?

BintiNgamiani ameandika:

Jamani wana jukwaa naandika nikiwa na hasira, mkiona nimekosea herufi mnisamehe. Baba yangu ana miaka 74, alikuwa fundi seremala serikalini, kiharusi kimempata mwaka juzi upande wote wa kulia umekufa, anageuzwa analishwa anavalishwa pampasi, na anayefanya hayo yote ni mimi. Pensheni yake laki tatu na kumi kwa mwezi inaingia benki, kadi nilikuwa nayo mimi natoa, hakuna aliyeuliza kitu.

Mwezi wa tatu hela haijaingia. Nikaenda ofisi ya mfuko hapa Tanga mjini naambiwa hajafanya uhakiki, aje mwenyewe aweke kidole. Nikasema mzee hawezi kukaa hata kwenye kiti, dada wa dirishani anasema "mlete tu dada, wengine wanaletwa". Haya, nikakodi bajaji, vijana wawili wa mtaani wakambeba, tumefika mzee jasho linamtoka, mkono wa kulia vidole vimejikunja havinyooki, wa kushoto mashine inakataa. Randa na msasa miaka thelathini alama zitabaki wapi? Tukarudishwa nyumbani na "mtapigiwa simu". Mpaka leo mwezi wa sita sijapigiwa, hizo ni miezi mitatu, laki tisa na elfu thelathini!!

Nikaandika barua. Imekaa wiki tatu, juzi nafuata majibu naambiwa "ombi halijakubaliwa, pensheni ni ya mwanachama mwenyewe". Hakuna maandishi, kasema tu kwa mdomo huku anakunywa chai. Barua yenyewe hii hapa, nimetoa majina, niambieni kosa liko wapi:

*YAH: OMBI LA KUCHUKUA PENSHENI YA BABA YANGU MZAZI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni binti wa mstaafu tajwa ambaye ni mgonjwa wa muda mrefu na hajiwezi. Ninaomba ofisi yako iniruhusu niwe nachukua malipo yake ya pensheni kwa niaba yake kwani mimi ndiye ninayemhudumia. Pia naomba malipo yaliyosimama yalipwe kwangu ili niweze kumnunulia dawa. Naambatanisha cheti cha hospitali na barua ya serikali ya mtaa.*

*Natanguliza shukrani.*

Kosa ni nini hapo?

DogoPangani:

Pole sister. Ila mbona rahisi, nenda mahakama ya mwanzo kafungue mirathi, ukipitishwa msimamizi wanakulipa wewe moja kwa moja. Sisi kwa babu tulifanya hivyo haikuchukua hata miezi miwili

BintiNgamiani:

We dogo baba yangu HAJAFA. Mirathi ya nani?

DogoPangani:

Samahani dada nilisoma haraka

Mstaafu_Raskazone:

Hawa watu ndo zao. Mimi nimestaafu 2023 nimekutana na kikokotoo cha asilimia 33, mkupuo niliotegemea kumalizia nyumba umeishia kwenye linta. Mpaka leo nadai marekebisho ya michango ya miaka miwili ambayo mwajiri hakupeleka. Tuungane tuandike barua moja ya wastaafu wote.

BintiNgamiani:

Mzee shikamoo, pole sana ila hilo lako lifungulie uzi wake tafadhali, mimi hapa nataka pampasi.

Mwana_wa_Mkonge:

Sikiliza dada mimi nafanya kazi za fomu fomu pale stendi. Unachohitaji ni muhtasari wa kikao cha familia. Mnakaa ndugu wote, mnaandika kwamba tumemteua fulani, mnasaini, mtendaji anagonga muhuri, kwisha. Benki wanakubali hiyo.

BintiNgamiani:

Kikao na nani? Kaka yangu yuko Dar mwaka mzima hajatuma hata sabuni, akisikia kuna muhtasari ndo atapanda basi kuja kuniuliza hela za mzee nimepeleka wapi

BiMasjala:

Mwanangu pole. Nimekaa masjala na dawati la wastaafu miaka mingi kabla na mimi sijawa mstaafu, barua kama yako nimezipokea nyingi na nyingi zilirudi. Acha nikwambie ilivyo, usinikasirikie.

Barua yako inaomba kitu ambacho mfuko hauna. Mfuko haumpi mtu hela mkononi, unaingiza kwenye akaunti yenye jina la mstaafu, basi. Sasa ukiandika "niruhusiwe kuchukua malipo" na "yaliyosimama yalipwe kwangu", afisa anasoma hivi: huyu anataka pensheni ihamie jina lake. Hapo hapo anaandika hapana, wala hafiki kwenye cheti cha hospitali. Na wana sababu, kuna watu mzee kazikwa na mtoto anaendelea kutoa hela, mfuko ukija kugundua unadai zirudi.

Kilichosimamisha hela za baba yako siyo wewe kukosa ruhusa. Ni kwamba mfuko haujui kama yu hai. Basi barua iombe hilo tu: afisa aje nyumbani amhakiki. Kichwa chake kiwe "Ombi la uhakiki wa mstaafu aliye kitandani". Weka namba yake ya pensheni na ya NIDA, eleza kwamba mlimpeleka tarehe fulani na mashine ikakataa vidole, maana hilo wewe hukuliandika kabisa na ndilo ushahidi wako mkubwa kuliko yote. Taja mtaa, nyumba, simu, na nani atakuwepo. Halafu malizia kwa kuomba malimbikizo yaingizwe kwenye akaunti yake ile ile. Usijitaje wewe kama mpokeaji mahali popote.

Cheti cha hospitali nacho, kimeandikwaje?

BintiNgamiani:

Shikamoo mama. Kimeandikwa amelazwa kwa kiharusi na presha karuhusiwa tarehe fulani.

BiMasjala:

Marahaba. Sasa unaona? Hicho kinasema aliugua akaruhusiwa. Afisa anajua watu wangapi wamepata kiharusi na leo wanatembea na fimbo. Rudi kwa daktari akuandikie kwamba hivi sasa hawezi kusimama wala kusafirishwa, na mkono wa kulia hauwezi kuweka alama. Iwe na tarehe ya karibuni na muhuri. Na barua yoyote unayopeleka beba nakala mbili, moja wakugongee "imepokelewa" na tarehe, uondoke nayo. Ukirudi baada ya wiki mbili unaiweka mezani, mtu hakwambii kwa mdomo na chai mkononi.

FundiSimu_Makorora:

Mama yuko sahihi kwa mfuko lakini benki je? Kwanini asitumie tu kadi na namba ya siri kama zamani, kwani nani anajua

BiMasjala:

Wengi ndivyo wanavyofanya na siwezi kusema hawafanyi. Lakini siku kadi inaisha muda au mashine inaimeza, benki watamtaka mwenye akaunti, na wewe utakuwa umeshajitangaza kwamba unatumia kadi ya mtu. Jambo la benki lina njia yake, nayo ni hati ya nguvu ya kisheria, ile mawakili wanayoita pawa ofu atoni. Huyo kijana wa muhtasari yuko nusu sahihi, kikao cha familia kinasaidia ndugu wasije wakagombana, lakini hakimpi mtu mamlaka juu ya akaunti ya mtu mzima aliye hai. Mwenye kutoa mamlaka ni baba yako mwenyewe.

Ndiyo maana nakuuliza swali moja na unijibu kweli. Mzee anaelewa mambo?

BintiNgamiani:

Hapo ndo penyewe mama. Kuongea hawezi vizuri, anasema ndiyo na hapana na majina yetu. Asubuhi ukimwambia kitu anaelewa, anacheka, anakataa uji kama hana hamu. Jioni anapotea, anadhani yuko karakana anadai msumeno wake.

BiMasjala:

Basi usichelewe. Hati hiyo inashika kwa sababu aliyetoa anajua anachokitoa. Akili ikiondoka kabisa, hata ukimshika kidole ukakibonyeza kwenye karatasi haina nguvu, na hata iliyotolewa zamani inakufa. Ikifika huko mlango uliobaki ni mahakama kuteua wa kusimamia mali zake, na hiyo ni safari ndefu. Akifariki pia hati inakoma siku hiyo hiyo.

Mwite wakili nyumbani asubuhi, asiwe wakili wa kuletewa karatasi ofisini agonge muhuri bila kumwona mzee. Amsomee kwa Kiswahili, amuulize mwenyewe, wewe utoke chumbani. Aweke dole gumba la kushoto, na kwenye karatasi iandikwe kwamba alisomewa akaelewa, na iwekwe mahali na tarehe. Nimeona hati zikirudishwa kwa kukosa tarehe tu kwenye sehemu ya uthibitisho. Ila kabla hujamlipa wakili pita benki kwanza, wana fomu zao, na wengi hawataki hati inayosema "afanye mambo yangu yote", wanataka namba ya akaunti na kazi zenyewe zitajwe.

Mwana_wa_Mkonge:

Mimi nilijua muhtasari unatosha, nimeshawaandikia watu kama kumi 😅

BiMasjala:

Wapigie.

Wakili_msomi_bado:

Mama kasema vizuri, naongeza kidogo japo bado niko shule ya sheria. Hiyo ya akili kupotea iko kwenye Sheria ya Mikataba, uwakala unakoma aliyetuma akipoteza akili. Ngumu ni mtu kama huyu, asubuhi mzima jioni hayupo. Mimi ningesema saa ile anaelewa inatosha, lakini kaka akija kupinga mahakamani sijui jaji atasemaje. Daktari aandike kuhusu ufahamu wake siku hiyo hiyo ya kusaini.

FundiSimu_Makorora:

Sasa daktari na wakili waje siku moja saa moja Ngamiani, kwa hela ipi wakati pensheni imesimama? Nyie mnaongea tu

BintiNgamiani:

Hilo fundi umesema kweli, wakili wa kwanza kaniambia elfu themanini na nauli juu yake.

BintiNgamiani (siku tisa baadaye):

Narudi kuwapa mrejesho. Barua mpya nimepeleka, wameigonga "imepokelewa", yule dada wa chai kaisoma mbele yangu mara mbili akaniuliza nani kakuandikia. Jana kaja kijana wa mfuko na mashine ndogo, kidole cha kushoto kimekataa tena mara sita, akampiga picha mzee na kitambulisho chake kifuani, akaandika maelezo, kasema wakubwa wataamua kama picha inatosha. Hela bado haijaingia. Benki wanataka hati iwe na namba ya akaunti kama ulivyosema mama, na fomu yao nimepewa. Kaka nimempigia, kaka alinuna ila katuma elfu hamsini. Daktari kaandika barua ya ufahamu lakini siku yake ni Jumatano na wakili nafasi yake ni Alhamisi, sijui hiyo siku moja katikati itanisumbua au vipi.

Wakili nimemwambia aje saa tatu asubuhi asichelewe. Jioni mzee huwa ananiita kwa jina la marehemu mama.