Kidagaa Kimemwozea: tuhesabu methali, au tuulize nani kaozewa?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Nairobi
Niliandika kazi ya muhula kuhusu methali na nahau katika riwaya ya Ken Walibora, Kidagaa Kimemwozea. Nilikusanya 58, kila moja na maana yake. Nimepata alama 11 kwa 30, na pembeni neno moja tu: "orodha". Kwani kutaja na kueleza maana si uchambuzi?

Mhadhiri wa fasihi, Eldoret
Mwanangu, hiyo ni kazi ya daftari, ya kabla ya kuanza kuandika. Maana ya methali msomaji wako anaijua tayari. Chukua jina la kitabu peke yake, uone lilivyobeba. Kinachooza ni kidagaa, nacho ndicho kiima. Mtu yumo ndani ya ile "-m-", anatendewa. Ungesema "amekiozesha kidagaa", ungekuwa umemtia hatiani. "Kimemwozea" inamhurumia, kana kwamba limemfika tu. Sasa mweke Mtemi Nasaba Bora penye hiyo "-m-". Tunamwona akijitwalia ardhi ya watu na kuwatesa wanyonge kwa makusudi kabisa. Nahau inamtaja kama aliyepatwa, hadithi inamwonyesha kama aliyetenda. Hapo ndipo pa kuandika kurasa zako nane.

Mwalimu wa sekondari, Kakamega
Nimekisomesha kitabu hiki miaka kilipokuwa cha kutahiniwa. Mtahiniwa akitaja methali na kutoa mfano, alama anapata, kwa hiyo kijana ameonewa. Halafu Daktari, hiyo si nahau. Ni sentensi kamili, basi ni methali.

Mhadhiri wa fasihi, Eldoret
Mwalimu, ya kidato cha nne yana kipimo chake. Huyu yuko chuo kikuu. Kuhusu sentensi, jaribu kuigeuza. Kidagaa kilimwozea, kitakuozea, kimetuozea: wakati na mtu vinabadilika na usemi unabaki mzima. Kisha shika "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu" uitie wakati uliopita. "Alivunjika guu" inakuwa habari ya jirani yako aliyelazwa. Methali nyingi zimejifunga kwenye ile "hu-" ya siku zote, hazina mtu maalumu. Jina la riwaya lina mtu maalumu, na limekuwa sentensi kwa sababu mwandishi ameshalitia wakati na mtu.

Mwanafunzi wa uzamili, Zanzibar
Kipimo hicho kinavuja, Daktari. Bibi yangu husema "mchelea mwana..." akanyamaza, na sote tunajua tumeambiwa nini. Methali nazo hukatwa, hugeuzwa, hutiwa jina la mtu. Na hesabu msiitupe. Nilipochambua riwaya yangu nilipanga methali kwa msemaji: nani anasema, anamwambia nani, wakati gani, na aliyeambiwa alijibu nini. Nikagundua karibu zote ni za msimulizi, wahusika vijana hawana hata moja. Bila kuhesabu nisingeuona ukimya huo. Dada, kosa lako si zile 58, ni kwamba hukuzipanga.

Mchuuzi wa dagaa, Mwanza
Mimi si msomi, nimevutwa na hicho kidagaa. Dagaa huanikwa. Mvua ikinyesha hazijakauka, au ukizirundika na unyevu, zinaoza upesi, na harufu huwezi kuificha sokoni. Mvua si kosa lako, lakini mwenzako kaona wingu akazianua, wewe ulikuwa umelala. Kwa hiyo hata kwetu "zimemwozea" haimsafishi mtu.

Mhadhiri wa fasihi, Eldoret
Mzee wangu, hapo umenipunguzia madai. Nilisema nahau inahurumia. Wewe unasema anayezijua dagaa haisikii hivyo. Basi huruma huenda imo kwenye sarufi tu, si kwenye sikio la msikilizaji. Mwanafunzi, liandike hilo pia, na usiniunge mkono kwa sababu mimi ni mhadhiri.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Nairobi
Asanteni. Lakini ndani ya riwaya, Kidagaa Kimemwozea pia ni mswada wa Amani, ambao Mwalimu Majisifu aliuiba akauchapisha kwa jina lake. Basi "-m-" si Mtemi peke yake?

Mwanafunzi wa uzamili, Zanzibar
Hapo umeshaanza kuchambua! Amani alipouita mswada wake hivyo hakujua utaibwa. Jina likahamia kwa mwizi, na fedheha ya wizi huo ikamwangukia yeye.

Mwalimu wa sekondari, Kakamega
Mimi bado nasema ni Mtemi. Majisifu ni tawi tu.

Mhadhiri wa fasihi, Eldoret
Nami naona "-m-" iliachwa bila jina makusudi, kila anayestahili aingie. Mwalimu, tutajie mahali riwaya inapoifunga kwa Mtemi peke yake, nitakubali.