Malalamiko: Mwongozo umehesabu isoma moja mara mbili, na waliojibu sahihi ndio waliokatwa alama

Wanajamvi, nawasalimu, ingawa naandika nikiwa na hasira. Nafundisha kemia masomo ya jioni huku Nyegezi, na wanafunzi wangu wa kidato cha nne wamerudishiwa karatasi za mtihani wa ujirani mwema ambamo waliagizwa kuchora na kutaja isoma zote za miundo za C6H14. Waliochora tano wamekatwa alama na waliochora sita wamepewa zote, kwa sababu mwongozo wa kusahihishia unasema ni sita. Nilipomfuata mwalimu mhusika alinijibu kwamba kazi yake ni kufuata mwongozo, si kuujadili.

Hiyo ya sita wameiita 2-ethilibutani, na wameichora hivi:

```
CH3-CH-CH2-CH3
    |
    CH2-CH3
```

Ukiitazama juujuu unaona kaboni nne zilizolala na tawi la kaboni mbili linaloning'inia. Lakini ni nani aliyesema kwamba mnyororo mkuu lazima ulale? Anzia ncha ya chini ya hilo tawi, panda hadi kwenye makutano, kisha geuka kulia mpaka mwisho: umepita kaboni tano, na kilichobaki kushoto ni CH3 moja iliyoshikwa na kaboni ya tatu. Hiyo ni 3-methilipentani, ambayo mwongozo huohuo umekwisha kuiorodhesha! Ethili haiwezi kuwa tawi la kweli katika alkani hadi zifike kaboni saba, kwa kuwa inahitaji kaboni mbili kila upande wa pale iliposhikwa.

Wanafunzi wangu walifuata utaratibu. Walianza na kaboni sita zilizonyooka, ambayo ni heksani. Wakakata moja, wakabaki na mnyororo wa tano, na methili ikakaa kwenye namba 2, kisha namba 3. Namba 4 ni ileile ya 2 ukihesabu kutoka upande wa pili, na ukiiweka nchani umerudi kwenye heksani. Wakakata mbili, na juu ya mnyororo wa nne methili mbili zikakaa zote kwenye namba 2, au moja kwenye 2 na nyingine kwenye 3. Mnyororo wa tatu haufai, maana kaboni ya katikati inabeba methili mbili tu, jumla tano, na ya sita popote utakapoiweka itaurefusha mnyororo. Jumla ni tano. Nataka alama za watoto zirudishwe.

Mzazi wa Igoma: Pole sana, mwalimu. Mwanangu naye aliulizwa C4H10O, akachora alkoholi nne, akapewa nusu ya alama. Je, na huo si uonevu uleule?

Mleta uzi: Hapana, mzee wangu, hapo nadhani msahihishaji alikuwa na haki. Fomula ile inaruhusu oksijeni ikae katikati ya kaboni pia, kwa hiyo kuna etha tatu ambazo mtoto hakuzichora, na jumla ni saba. Ila kama swali lilitaja alkoholi peke yake, basi dai.

Kijana wa Kirumba: Wakuu, mnajisumbua bure. Hesabu CH3, CH2 na CH katika kila mchoro. Hesabu zikilingana, ni isoma moja, futa mmoja.

Mama Maabara: Mdogo wangu, umepata nusu. Hesabu zikitofautiana, michoro hakika ni tofauti. Zikilingana, bado hujui lolote. 2-methilipentani ina CH3 tatu, CH2 mbili na CH moja, na 3-methilipentani ina hesabu hizohizo, lakini ya kwanza huchemka kwenye nyuzi 60 hivi na ya pili kwenye 63. Kwa njia yako tungebaki na isoma nne, na mtoto angekatwa alama kwa haki. Kipimo cha kweli ni jina: tafuta mnyororo mrefu kuliko yote hata kama umepinda, hesabu kutoka ncha iliyo karibu na tawi, andika jina, na majina mawili yakifanana futa mchoro mmoja.

Kijana wa Kirumba: Nimekuelewa, dada. Lakini aliyechora 3-methilipentani sawasawa akaiandika 2-ethilibutani, bila kuichora mara ya pili, anastahili alama au hastahili?

Mama Maabara: Mimi ningempa ya mchoro na kumnyima ya jina.

Mleta uzi: Mimi nisingempa hata moja, kwa sababu jina hilo linaonyesha kwamba hakuuona mnyororo alioucho­ra mwenyewe. Hata hivyo hoja yangu ni wale wa tano. Kesho naupeleka mchoro huu kwa mratibu wa mtihani, na kila kaboni nimeiandikia namba.