Chasisi imepinda ndani ya gari: nichape tena kwa ujazo wa asilimia 100?

FundiGulu: Wakuu habari zenu. Chasisi ya roboti yangu ya magurudumu manne niliichapa kwa printa ya 3D, plastiki ya PLA, ujazo wa ndani asilimia 60. Jumamosi imekaa kwa muda wa saa tatu juani ndani ya gari lililofungwa vioo. Kurudi, mota mbili za mbele zimelala, magurudumu yameinamia nje. Bodi ya mota niliibandika kwa gundi ya moto. Kuibandua, ikang'oka na soketi. Nikichapa kwa asilimia 100 itastahimili?

MzeeWaMota: Hapana, utamaliza plastiki bure. PLA hulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani linaweza kufika huko. Ikishalegea, hata iliyojaa inapinda. Chukua PETG, hiyo hulegea karibu na 80. Nguvu itafute kwenye kuta: kuta nne kwa nozeli ya 0.4 zinakupa milimita 1.6, na ujazo wa asilimia 25 unatosha. Vishikio vya mota vitenge na chasisi, uvifunge kwa bolti za M3. Kimoja kikivunjika, unachapa hicho tu.

KijanaMbale: PETG ya nini? ABS inavumilia karibu nyuzi 100, mchezo umeisha.

MzeeWaMota: Kwa joto uko sahihi. Ila printa isiyo na kasha, kipande kipana kama chasisi kitanyanyuka pembe kabla hakijaisha.

MamaArua: Na mimi PETG yangu inatoa nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Ndiyo kupinda kwenyewe huku?

MzeeWaMota: Hapana dada, hilo ni jambo lingine, pengine imenyonya unyevu. Ikaushe kwa nyuzi 65, saa sita hivi, uone.

FundiGulu: Na bodi je, mzee?

MzeeWaMota: Gundi iache kabisa. Chapa sahani ya milimita 3, bodi zote zikae juu yake kwenye vinguzo vya milimita 6, ncha za risasi chini ya bodi zisiguse kitu. Sahani ishikwe na bolti nne, na bisibisi izifikie kutoka juu bila kutoa gurudumu. Nyaya za mota zitie plagi, uziachie urefu wa kutosha kuinua sahani na kuilaza pembeni roboti ikiwa bado inawaka. Hapo ndipo utapima hitilafu kwa raha. Nati ya M3 ina upana wa milimita 5.5, ichoree kitundu cha pembe sita cha 5.7.

KijanaMbale: Nati hudondoka ukifungua. Pachika zile za shaba kwa moto wa chuma cha kulehemu.

MzeeWaMota: Zinapendeza, lakini ukizidisha moto zinazama kombo, na ikianza kuzunguka ndani ya plastiki kipande kimekwisha. Nati unabadilisha tu.

KijanaMbale: Mimi yangu haijawahi kuzunguka.

FundiGulu: Nimechapa kishikio kimoja cha majaribio. Kwa 5.7 nati inacheza, kwa 5.6 imeingia kwa kugongwa kidogo na haidondoki hata nikikipindua. Kesho nachapa vitatu vilivyobaki.