Stopu ya pipsi 20 inanichomoa kila wiki: oda zangu za nyuma zinasemaje?

KijanaWaMakorora

Wakuu, za jioni. Natreidi EURUSD kwenye H1, stopu pipsi 20, lengo pipsi 40, na kila oda nahatarisha asilimia 1 ya mtaji. Hiyo asilimia 1 naiita R. Nina oda 120 zilizofungwa: 46 zimefika lengo, 74 zimekatwa. Yaani nimeingiza R 92, nimetoa R 74, imebaki R 18 kabla ya gharama.

Kinachoniuma ni jinsi ninavyokatwa. Jumanne nilinunua 1.0850, ikanitoa 1.0830, ikagusa 1.0828, halafu ikageuka. Saa nne mbele ilikuwa 1.0893, mimi nipo barazani natazama tu.

Nikaamua kupima badala ya kulalamika. Kwa kila oda nimeandika bei ilikwenda kinyume pipsi ngapi kabla haijafungwa, safu nimeiita MAE. Kati ya 46 zilizoshinda, 33 hazikufika hata pipsi 12 kinyume. Zile 74 zilizopoteza karibu zote zinasoma 20, chache 21. Moyo unasema panua, namba zinasema bana. Nishike lipi?

PipsiMojaTu

Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe. Weka 12. Zikishinda 33 kwa lengo lilelile la 40, kila moja inakupa R 3.33, jumla R 110. Toa 87 zilizokatwa, unabaki na R 23. Ni zaidi ya R 18 zako. Oda nzuri haichelewi, ukiona inasuasua ujue umekosea kuingia.

ShemejiWaDhahabu

Hao mabroka wanaiona stopu yako wanaifuata. Mimi kwenye dhahabu siweki stopu kabisa, nafungua loti ndogo nasubiri irudi. Mwaka jana moja ilikaa wiki tatu ikarudi. Nyingine haikurudi, lakini hiyo ni habari nyingine 😅

BintiMahesabu

Shemeji, hiyo nyingine ndiyo tungependa kuisikia.

KijanaWaMakorora, namba zako za washindi ni sahihi, ila hizo 74 zinazosoma 20 si vipimo. Ni sawa na kupima visima kwa kamba ya mita 20: kila kisima kirefu kitasoma 20, kiwe cha mita 21 au cha mita 90. Stopu ndiyo iliyokata kamba. Kwa data hiyo huwezi kabisa kujua stopu pana ingefanya nini. Kubana unaweza kukupima, na ndiyo maana namba "zinasema" bana. Ndicho kitu pekee zinachoweza kusema.

Rudia oda zote 120 kana kwamba hazikuwa na stopu. Kwenye MT5 fungua Symbols, kichupo cha Bars, chagua M1, bonyeza Request, kisha Export Bars. Unganisha tarehe na saa ziwe safu A, kisha bei ya kufungulia B, ya juu C, ya chini D, karatasi iite Bei. Kwenye karatasi ya oda, A ni muda ulioingia, C ni bei uliyoingia. Kwa oda za kununua:

```
B2: =MINIFS(Bei!A:A,Bei!A:A,">"&A2,Bei!C:C,">="&C2+0.004)
F2: =(C2-MINIFS(Bei!D:D,Bei!A:A,">"&A2,Bei!A:A,"<="&B2))*10000
```

B inakupa dakika lengo lilipofikiwa mara ya kwanza, F inakupa kina bei ilichozama kabla ya hapo. B ikitoa 0, lengo halikufikiwa, andika 99 kwenye F. Baada ya hapo kila stopu unayotaka kuijaribu ni kuhesabu tu: stopu ya 30 inashinda oda zote ambazo F iko chini ya 30.

Usitumie mishumaa ya H1 kwa kazi hii. Ndani ya saa moja hujui kama bei ilianza kushuka au kupanda, na utajipa ushindi usio wako.

KijanaWaMakorora

Dada, nimekesha siku tatu nalo. Stopu ya 12 inashinda 33 kama alivyosema PipsiMojaTu, ya 20 inashinda 46, ya 30 inashinda 63, ya 35 inashinda 68, ya 40 inashinda 71. Yaani 17 kati ya zile nilizokatwa zingefika lengo bila kuzama pipsi 30! Kwa pipsi tupu, ya 35 inaingiza 900, ya sasa 360. Basi nipanue?

BintiMahesabu

Acha pipsi, rudi kwenye R. Stopu ikipanuka loti inapungua, kwa hiyo pipsi moja ya stopu ya 35 ni ndogo kwa shilingi kuliko ya stopu ya 12. Halafu toa gharama. Spredi yako tuseme pipsi 1 kwa kila oda. Kwenye stopu ya 12 hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili ya R, mara 120, imekula R 10. Zile R 23 zinabaki 13. Stopu yako ya 20 inabaki na R 12. Ya 30 inapata R 27, inatoa 4, inabaki na 23. Ya 35 inabaki na kama 22, ya 40 na 19.

Kwa hiyo 12 haikuwa bora, ilionekana bora kwa sababu hakuna aliyelipa spredi. Na kinachonivutia kwenye 30 ni majirani zake, siyo kilele. Ukikosea pipsi tano kwenda juu huanguki.

PipsiMojaTu

Mimi broka wangu spredi ni 0.2.

BintiMahesabu

Na kamisheni?

PipsiMojaTu

…ipo.

NahodhaMstaafu

Niulize mawili. Kwanza, unafungua oda moja kwa wakati mmoja? Stopu ikipanuka oda inakaa muda mrefu, kwa hiyo nyingine kati ya hizo 120 usingeziingia, ungekuwa bado umo ndani. Pili, gawa oda zako nusu kwa nusu kwa tarehe. Pipsi 30 za wiki iliyotulia si pipsi 30 za wiki ya takwimu za ajira za Marekani. Mimi napima kina kwa ATR ya saa ile niliyoingia, si kwa pipsi.

Na kwenye hoja ya Shemeji kuna chembe ya ukweli. Oda ya kuuza inafungwa kwa Ask, chati inachora Bid. New York wakifunga siku, kwetu saa sita usiku, au saa saba wakati wao wa baridi, spredi inafutuka. Ukiona oda ya kuuza imekatwa na chati haikufika kwenye stopu, ni hilo.

KijanaWaMakorora

Nimekagua, mzee. Oda 9 zingegongana. Za kuuza zilizokatwa usiku bila chati kufika ni 4, hizo nimezitia alama. Kwenye oda 60 za kwanza stopu ya 30 inaongoza kwa mbali, kwenye 60 za mwisho imepishana na ya 20 kwa R 1 tu. ATR bado sijaigusa.

Kwa sasa nahamia 30. Kwa dola 1,000 loti inashuka kutoka 0.05 hadi 0.03, na safu ya F naendelea kuijaza hata oda ikishakatwa.

ShemejiWaDhahabu

Hiyo fomula inakubali XAUUSD?

BintiMahesabu

Inakubali, badilisha 0.004 na 10000 ziendane na dhahabu. Ila kwanza Shemeji uwe na stopu ya kupima.